Supu inahama, karai halihami

Shikamoo mama,

Nina miaka 27, naishi Segerea hapa Dar es Salaam. Nina toroli la kusukuma lenye magurudumu ya baiskeli. Asubuhi nauza supu na chapati kwenye kijiwe cha bodaboda. Saa nne naenda saiti ya ghorofa, kama kilomita mbili kutoka hapo. Jioni nakaanga chipsi kando ya kituo cha daladala. Natumia mkaa.

Mwezi huu umenichosha. Wiki iliyopita mara tatu nimefika saiti mafundi wameshakula. Msimamizi aliyenikaribisha kaondoka, aliyekuja anasema hanijui. Ijumaa jioni mgambo walibeba jiko na karai langu. Niliwaonyesha kitambulisho cha mjasiriamali, hawakukitazama hata mara mbili. Juzi nikihama na mafuta ndani ya karai yakamwagika nusu. Bahati hayakumuunguza mtu.

Kuna jamaa anauza guta lake la kukanyaga kwa laki sita. Mimi nina akiba ya laki nne na nusu. Nikope ninunue guta ili niwahi saiti? Nihamie gesi? Au nitulie sehemu moja, kama anavyosema mke wangu?

Mwenye toroli, Segerea

Marahaba mwanangu.

Guta usinunue mwezi huu. Gesi nunua. Na mkeo yuko sahihi nusu: chipsi zitulie, supu iendelee kutembea. Sasa nikueleze moja moja, nianze na saa, maana naona pesa yako inapotelea hapo.

Chukua karatasi. Chini kabisa andika saa 4:00, halafu hesabu ukipanda juu. Fundi akishuka kwenye jukwaa saa nne ana nusu saa tu, na ana njaa tangu alfajiri. Hasubiri. Anakula kwenye sufuria ya kwanza iliyo wazi, na aliyekula leo kwa mama mwingine kesho ataanzia kwa huyo huyo. Kwa hiyo saa 3:50 mfuniko wako uwe umeshafunuliwa na mvuke unaonekana. Kufungua toroli kunataka robo saa: kuzuia magurudumu kwa mawe, kusimamisha mwavuli, kutundika ndoo ya kunawia, kuwasha moto, kupanga bakuli. Basi uwe umefika saa 3:35. Toroli lililojaa kwenye barabara zetu za vumbi na mashimo mimi nilikuwa nalihesabia dakika 20 kwa kila kilomita moja, na hapo hujasimama kusalimia mtu. Kilomita mbili ni dakika 40, kwa hiyo unaondoka kijiweni saa 2:55. Kufunga, kwa mtu wa mkaa na vyombo vichafu, ni dakika 20. Maana yake saa 2:35 unamwambia mteja anayekuja kwamba supu imefungwa.

Jiulize wewe ulikuwa unafunga saa ngapi. Nakisia ni saa tatu na kitu, kwa sababu kila ukitaka kufunga anatokea dereva mmoja anasema nipe bakuli la mwisho. Bakuli hilo moja ndilo lililokuwa linakupotezea mafundi ishirini. Kwa siku tatu hebu pima kwa simu yako, si kwa kukisia: saa uliyokataa mteja wa mwisho, saa gurudumu lilipoanza kuzunguka, saa uliyofika, saa uliyouza bakuli la kwanza. Utashangaa kuona barabara haikucheleweshi sana kama kufunga.

Na kufunga kunapungua bila guta. Kinachokula muda ni vitu viwili. Cha kwanza ni kuosha vyombo kijiweni. Acha. Nunua bakuli nyingine ugawe mafungu mawili, la kijiweni na la saiti, na uwe na ndoo kubwa yenye mfuniko ambayo bakuli chafu zinaingia zikiwa na maji kidogo na sabuni. Zikaoshwe nyumbani, ambako maji yapo ya kutosha na huhitaji kuyabeba. Cha pili ni jiko la mkaa. Mkaa hauzimiki kwa kuambiwa. Ama unasubiri, ama unaumwagia maji upate tope na moshi, ama unahama nao ukiwaka, upepo wa njiani unaupuliza na cheche zinarukia mwavuli na ndoo za plastiki. Nimeshaona toroli likiungua upande mmoja hivyo, mwenyewe anasukuma kwa mbele hajui.

Gesi unafunga kwa mkono. Kwa toroli mtungi wa kilo 6 unatosha. Wa kilo 15 ni mzigo wa bure. Ukitaka kuhama, funga kwanza koki ya mtungi uache moto ufe wenyewe, ndipo ufunge jiko, ili mpira usibaki na gesi ndani. Mtungi usafiri umesimama wima na umefungwa kwa mnyororo au mkanda. Ukilala, gesi iliyo katika hali ya maji inaweza kuingia kwenye regulata na mpira, na ukiwasha unapata moto mkubwa usioutegemea. Usiufungie ndani ya kabati lililozibwa pande zote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwa hiyo mwambie fundi wa kuchomelea atoboe matundu makubwa sakafuni pa sehemu unapokaa mtungi. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Pakitoa mapovu yanayokua, panavuja. Kiberiti usikitumie kupimia, hata kama jirani yako anafanya hivyo kila siku na bado ana nyusi.

Kitu kimoja kuhusu gesi hakimwelei mtu mpaka imuishie katikati ya foleni. Kwenye mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza, pima mtungi kila usiku, toa uzito ule, kinachobaki ndiyo gesi uliyo nayo. Baada ya wiki utajua siku moja inakula kiasi gani, na utajua jioni kama kesho itafika. Pia weka bati la kukinga upepo pande tatu za jiko. Saiti hazina miti wala kuta, upepo unapeleka moto pembeni, na unaweza kuchoma gesi mara mbili kwa kazi ile ile.

Kwa mpango huu kufunga kunashuka kutoka dakika 20 hadi kama 8. Umejirudishia dakika 12 za kijiweni kwa bei ya mtungi, jiko na bakuli za plastiki. Sasa ndipo tulipime guta.

Guta kwa kilomita mbili linaweza kukufikisha kwa robo saa, yaani unaokoa kama dakika 25. Je, dakika hizo zina wateja? Tuseme ukikaa kijiweni dakika 25 zaidi unauza bakuli nane, na kila bakuli na chapati zake linakuachia shilingi 800 baada ya nyama, unga na moto. Hiyo ni 6,400 kwa siku. Laki sita ukiigawa kwa 6,400 unapata siku 94 za kazi, na kwa siku sita za wiki ni karibu miezi minne, kabla hujalipa riba ya mkopo wala kubadilisha mnyororo. Miezi minne ni mirefu kwa mtu anayefuata saiti, na nitakwambia kwa nini hapo mbele kidogo. Kama bado moyo unakusukuma, mwombe huyo jamaa akukodishe guta wiki moja kwa hesabu ya siku. Akikataa kukodisha kitu anachotaka kuuza, nalo ni jibu. Ukilipata, lipitishe kwenye mchanga likiwa na mzigo wote, uone kama unakanyaga au unashuka kusukuma.

Badala ya laki sita, peleka sehemu ndogo ya akiba yako kwa fundi wa kuchomelea. Magurudumu ya baiskeli yametengenezwa kubeba mtu anayelala nayo kwenye kona. Toroli halilali. Likiingia shimoni kwa ubavu, spoku zinapokea nguvu ya pembeni zisiyoizoea, ringi inapinda, gurudumu linaanza kucheza. Piga hesabu ya unachosukuma: supu lita 20, maji ya kunawa na kunywa lita 40, mtungi kama kilo 13 ukijaa, chapati, vyombo, jiko, na toroli lenyewe. Unavuka kilo 130 kirahisi. Weka magurudumu ya pikipiki yaliyotumika, yenye ekseli na beringi zake. Miguu ya kusimamia uichomelee vibati vipana chini ili isizame mchangani.

Halafu panga mzigo upya. Sufuria ya supu ikae juu ya ekseli kabisa na chini uwezavyo, maji pia. Vyepesi kama bakuli, mwavuli na hotipoti ya chapati viende mbali na juu. Namna ya kujua umepatia: likiwa limejaa, inua mikono ya toroli. Uzito unaousikia uwe kama wa ndoo iliyojaa nusu. Ukiwa mzito zaidi, mgongo wako utakufa kabla ya saiti. Ukiwa mwepesi mno, au mikono inataka kupanda yenyewe, siku utakayoteremka kilima toroli litapiga pua chini.

Supu yenyewe isijae hadi ukingoni. Acha nafasi ya vidole vinne, funika, kisha kaza mfuniko kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kutoka mkono mmoja wa sufuria hadi mwingine. Sufuria uiingize kwenye boksi la mbao uliloshindilia magunia au blanketi kuukuu pande zote na juu. Supu iliyoondoka inachemka ndani ya boksi kama hilo inafika ikiwa bado inaunguza ulimi. Mstari wa kukumbuka ni nyuzi 60. Juu ya hapo vijidudu havizaliani. Chini yake, supu ya nyama ni shamba lao. Kipimajoto cha chakula chenye sindano si ghali, na ukikosa, sheria ni rahisi: ukifika, kabla ya bakuli la kwanza, ichemke tena mpaka itokote katikati, si pembeni tu. Na usiongeze maji baridi ili ienee. Ukitaka ienee, njoo na supu nzito zaidi na maji yanayochemka kwenye chupa ya chai.

Sasa karai. Hapa mwanangu nitakugombeza kidogo.

Mguu wangu wa kushoto una kovu la umbo la jani la mwembe. Niliamini mafuta yamepoa kwa sababu yalikuwa yametulia, hayatoi moshi. Nilisubiri nusu saa nzima. Gurudumu likadondokea kwenye mtaro, karai likainama, nikajua kwamba mafuta yaliyotulia si mafuta yaliyopoa. Ya kukaangia yanafika nyuzi 170 na zaidi, na lita tano ndani ya karai zito zinakaa na joto la kuunguza ngozi kwa muda mrefu kuliko subira ya mtu yeyote anayetaka kwenda nyumbani. Kwa hiyo karai halihami. Si taratibu, si kwa uangalifu, halihami kabisa.

Lakini chipsi zako zinaweza kubaki, kwa kubadilisha kinachopikwa wapi. Kaanga viazi nyumbani kuanzia saa kumi jioni kwenye karai lisilotoka uani, zitoe zikiwa zimeiva lakini bado nyeupe nyeupe, zichuje mafuta vizuri, zipange kwenye kabati la vioo. Kwenye kituo uende na kikaango, chupa ya mafuta baridi na trei ya mayai. Hapo unauza zege tu, yaani chipsi mayai, na chipsi kavu unazipasha kwenye kikaango na mafuta kidogo zipate rangi. Mafuta yanayokaa kwenye moto ni ya vijiko, na kikaango kinapoa wakati unahesabu pesa. Kaanga za kuuza ndani ya muda wa saa nne, zisizoisha zisirudi kesho. Utakaanga kidogo mwanzoni, utaishiwa siku mbili tatu. Ni afadhali kuliko kutupa.

Kuhusu ruhusa, umechanganya kitambulisho na ruhusa ya mahali, na wala si wewe peke yako.

Kile kitambulisho kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 kilikuwa cha kukutambua kama mfanyabiashara mdogo na kukuondolea usumbufu wa ushuru wa kila mahali. Hakikumpa mtu kiwanja. Oktoba 2021, machinga walipohamishwa kando ya barabara za Dar es Salaam, wengi walikuwa navyo shingoni na bado walifungasha meza. Kwa hiyo mgambo hakukudharau. Alikuwa anatazama umesimama wapi, si wewe ni nani. Ukingo wa barabara kubwa ni hifadhi, na Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara kuu na ya mkoa mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati. Za mkoa na kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaani ziko chini ya TARURA. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukupenda kama mwanawe, lakini ardhi hiyo si yake kukugawia. Barua yake inakutambulisha. Inasema huyu namfahamu, anaishi kwangu. Ina kazi, ila si hiyo.

Jioni basi ondoka hifadhini. Tembea karibu na kituo hicho saa kumi na mbili na nusu jioni uone ni maduka gani yamefunga milango. Duka la vifaa vya ujenzi, kwa mfano, linafunga jua linapozama, na mbele yake kuna baraza au kijiwanja ambacho ni cha mwenye nyumba, si cha barabara. Lakini hakikisha: mwombe akuonyeshe mpaka wake unaishia wapi, maana wenye maduka nao wanapenda kujivutia hifadhi. Akikubali, muandikishane. Ukurasa mmoja unatosha: eneo ni lipi, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, kodi ya mwezi, taa na maji ni vya nani, nani anafagia, na taarifa ya siku ngapi mtu akitaka kuvunja. Mkasaini serikali ya mtaa mbele ya mtendaji. Halafu ndipo uende kwa afisa biashara na afisa afya wa manispaa ukiwa na karatasi hiyo. Mtu mwenye anwani wanajua pa kumwandika.

Usishtuke ukiambiwa kupimwa afya. Anayegusa chakula cha kuuza hupimwa kila miezi sita, na kadi hiyo uiweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya droo ya toroli, si nyumbani. Afisa afya ataangalia pia maji machafu unamwaga wapi. Wengi hufukuzwa kwa sababu ya maji machafu na maganda ya mayai, hata kama kwenye karatasi imeandikwa kitu kingine. Beba ndoo ya taka na ndoo ya maji machafu, urudi nazo.

Jiko na karai vilivyochukuliwa Ijumaa, vifuatilie kesho asubuhi na mapema. Anzia ofisi ya kata, uliza vilipelekwa wapi, uwe na picha ya jiko kama unayo kwenye simu. Ukitozwa faini, ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, ile watu wanaiita kontrol namba, ikiwa na jina lako na upate risiti. Pesa ya mkononi usitoe. Anayeipokea leo atakuwa na njaa tena Ijumaa ijayo.

Saiti ina utaratibu wake. Kosa lako lilikuwa kukaribishwa na mtu badala ya kukaribishwa na kazi. Msimamizi anahama kama wewe. Safari hii mtafute mkandarasi mwenyewe au mwakilishi wa mwenye jengo, mweleze kwa dakika mbili: nakuja saa 3:35, naondoka saa 4:45, natumia gesi, sina mkaa, taka naondoka nazo, kadi yangu ya afya hii hapa. Mwombe akujibu hata kwa ujumbe wa simu, uuhifadhi. Uliza jiko likae wapi, kwa sababu ndani kuna mbao, magunia ya saruji, dizeli ya mashine na baadaye tina za wapaka rangi. Na uliza bila aibu kama kuna mama lishe aliyetangulia. Kama yupo, nenda kamsalimie kabla hujafungua sufuria. Pengine yeye anauza wali saa saba na chai ya saa nne hana haja nayo. Mkielewana mtagawana siku nzima. Msipoelewana, ndugu yake ni mlinzi wa geti, wewe hujui.

Kisha uliza swali ambalo wauza chakula wengi hawaulizi: jengo limefika wapi? Idadi ya midomo inafuata hatua ya kazi. Wakati wa kusuka nondo na kupanga mbao kuna mafundi na saidia wao kila siku, hesabu haiyumbi sana. Siku ya kumwaga zege watu wanaweza kuwa mara mbili au tatu, lakini hawasimami saa nne, maana zege likianza halingoji. Wanakula kwa zamu au wanakula likiisha, na mara nyingi anayesimamia kundi la zege ndiye anayewalipia chakula. Siku hiyo usiuze bakuli moja moja. Mpigie kundi bei ya jumla jana yake, uchukue nusu mapema, ukae mpaka wamalize. Jengo likishapauliwa na kufika kwenye vigae, umeme na rangi, unabaki na watu wanane wanaotoka saa tofauti, na baadhi wamekuja na chakula. Hapo saiti imekwisha kwako hata kama jengo halijakwisha. Ndiyo maana nilisema miezi minne ni mirefu. Kama wamebakiza slabu moja, guta utakuwa bado unalilipia wakati mafundi wameshahamia upande mwingine wa mji. Anza sasa kumuuliza fundi wa nondo anakokwenda baada ya hapa. Yeye huwa anajua mapema kuliko wote.

Jambo la daftari hukuligusa, lakini litakufikia. Saidia wengi hulipwa Jumamosi, na kuanzia Jumatano wataomba kula kwa jina. Kuwakatalia wote ni kuwapoteza, kuwakubalia wote ni kufunga. Mimi nilikuwa na mpaka wa bakuli mbili kwa mtu, nikiandika mbele yake na yeye anaona, na Jumamosi nilikuwa getini kabla ya malipo kuanza. Deni ambalo halikulipwa Jumamosi, Jumatatu hakuna bakuli. Hakuna kelele, hakuna bakuli tu.

Kwa pesa yako, basi: mtungi wa kilo 6 na jiko lake, magurudumu na kazi ya fundi, bakuli za ziada na ndoo, kipimajoto, kodi ya mwezi wa kwanza ya baraza. Uliza bei mtaani kwako kabla hujatoa, ila kwa akiba uliyonayo hutakopa, na ibaki kiasi cha nyama ya wiki mbili endapo mambo yatakwenda kombo. Mwezi wa kwanza vituo viwe viwili tu, kijiweni na saiti, huku jioni unamalizana na mwenye baraza na ofisi. Chipsi zirudi ukishakuwa na karatasi mkononi.

Na Jumatatu usipeleke chapati sitini kama Ijumaa. Wengine wamekwenda makwao, wengine pesa ya Jumamosi bado inawauma kichwa. Peleka arobaini, na pilipili iwe nyingi.